Kwa nini laso hufuta vipimo na riji haifuti

Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vya wanaume waliokuwa wakisubiri kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani. Data za wanaume 97 kati yao zimefundishia takwimu vizazi kadhaa vya wanafunzi. Swali lake ni jepesi kuuliza: kiwango cha protini ya PSA kwenye damu kinaendana vipi na vipimo vinane, vikiwemo ukubwa wa uvimbe, umri, uzito wa tezi na kiasi ambacho saratani imepenya ganda la tezi?

Regresheni ya kawaida hukipa kila kipimo namba ya kuzidishia, ambayo hapa nitaiita kizidishi. Wanaume 67 walipotumika kuikokotoa na 30 wakawekwa kando kwa majaribio, ukubwa wa uvimbe ulipata 0.680, na kupenya ganda kukapata −0.288. Hapo daktari yeyote atakunja uso. Saratani inayotoboa ganda inashusha PSA? Ukikitazama kipimo hicho peke yake, data zilezile zinaonyesha kwamba kinapanda pamoja na PSA.

Kisa ni kwamba uvimbe mkubwa ndio kwa kawaida unaopenya ganda, kwa hiyo vipimo hivyo viwili hutembea pamoja. Regresheni haina njia ya uhakika ya kuvitenganisha. Inaweza kukipa kimoja zaidi ya haki yake na kukipunguzia kingine, jumla yake ikabaki karibu ileile. Ukibadilisha wagonjwa wachache tu, mgao huo unaweza kugeuka. Vizidishi vya namna hii vimefuata bahati ya sampuli, na mgonjwa mpya haji na bahati ileile.

Mwaka 1970 Arthur Hoerl na Robert Kennard walipendekeza dawa iliyoonekana ya ajabu: kuviburuta vizidishi vyote kuelekea sifuri kwa makusudi. Unapunguza makosa ya ukadiriaji kama zamani, ila unaongeza adhabu, yaani jumla ya mraba wa kila kizidishi mara namba λ. Hii ndiyo riji. Makadirio yake huegemea upande mmoja kidogo, lakini huyumba kidogo sana sampuli inapobadilika, na mara nyingi biashara hiyo ina faida. Kwa wanaume wetu, kizidishi cha uvimbe kilishuka hadi 0.420, na kile cha kupenya ganda kikapanda hadi 0.000 kwa desimali tatu. Wastani wa mraba wa makosa kwa wale 30 ulishuka kutoka 0.521 hadi 0.492. Si tofauti ya kupigia ngoma, kwa watu 30.

Laso, aliyoieleza Robert Tibshirani mwaka 1996, hubadilisha kitu kimoja tu: badala ya mraba, adhabu ni ukubwa wenyewe wa kizidishi, bila alama yake. Chukua hali rahisi ambapo vipimo havihusiani, na vyote vimewekwa kwenye mizani moja. Riji hutenda kama kodi ya asilimia: kizidishi cha 0.30 kikikatwa nusu hubaki 0.15, na cha 0.04 hubaki 0.02. Hakuna anayeishiwa kabisa. Laso ni kodi ya kichwa: kila mmoja hukatwa, tuseme, 0.10. Wa 0.30 hubaki na 0.20, na wa 0.04 hubaki na sifuri kamili.

Siri iko karibu na sifuri. Mraba wa 0.01 ni 0.0001, kwa hiyo riji haipati karibu chochote ikikimaliza kizidishi kilichokwisha kuwa kidogo, nayo hukiacha. Kwa laso, hatua ya mwisho kutoka 0.01 hadi sifuri inaokoa adhabu sawasawa na hatua ya kwanza. Kipimo ambacho mchango wake katika kupunguza makosa haulipi gharama hiyo hutoka.

Hivyo, λ ilipochaguliwa kwa kugawa wale 67 mafungu kumi na kupima kila fungu kwa zamu, laso ilibakiza ukubwa wa uvimbe, uzito wa tezi na kuvamiwa kwa vifuko vya manii, pamoja na kukua kwa tezi kusiko kwa saratani, kwa 0.002 tu. Umri, kupenya ganda na vipimo viwili vya alama za Gleason vilifutwa. Makosa yalikuwa 0.479.

Kabla ya yote hayo, kila kipimo kigawanywe kwa mchepuko wake sanifu. Ukipima tezi kwa kilo badala ya gramu, kizidishi chake hukua mara elfu na kuadhibiwa bila kosa.

Wala kufutwa si hukumu ya daktari. Vipimo viwili vinavyofanana sana vikikutana, laso huweza kubakiza kimoja na kukitupa kingine kwa tofauti ndogo ya bahati, ilhali riji ingevigawia vyote. Ukitaka kujua kama uchaguzi unashikilia, chota wagonjwa upya kutoka data ileile, ukiruhusu mmoja kurudiwa, endesha laso mara mia kadhaa, kisha hesabu kila kipimo kilibaki mara ngapi. Kinachobaki karibu kila mara kinastahili kutazamwa. Kinachobaki nusu ya mara huenda kina pacha wake humo ndani.