Sampuli Kwanza, Antibayotiki Baadaye

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 55 anayeishi Donholm, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Kiuno kimemuuma wiki tano, na usiku ndipo maumivu yanapozidi, hata akilala. Homa hana, na wagonjwa wengi wa aina hii hawana. Kemisti amempa dawa za maumivu, kisha antibayotiki.

Ana maambukizi ya uti wa mgongo: bakteria wametoka kidondani, wakasafiri kwa damu hadi kwenye mfupa wa pingili, kisha wakala diski iliyo jirani. Eksirei ya kawaida huweza kuonekana safi kwa wiki kadhaa. MRI huona mapema: kwenye picha za T1 diski na mifupa ya pande zake huwa myeusi, kwenye T2 hung'aa, na kingo za pingili huwa zimelika. Akidungwa gadolini, sehemu zenye maambukizi huwaka, na usaha uliojificha karibu na uti wa mgongo huonekana.

Hata hivyo, MRI haimtaji mdudu. TB mara nyingi huiacha diski kwa muda, hupita chini ya kano hadi pingili kadhaa, na huacha majipu makubwa yenye kuta nyembamba. Brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, huweza kufanana na TB na pia na maambukizi ya bakteria wa kawaida. Kukosea hapa ni ghali, kwa kuwa dawa za TB ya mgongo humezwa kwa miezi mingi.

Ndiyo maana damu hutolewa angalau mara mbili, sehemu tofauti, ili ikakuzwe maabara kabla ya dawa. Huyu wetu alikuwa amemeza antibayotiki, na damu yake haikuotesha kitu. Kwa kuwa miguu yake ina nguvu na presha iko sawa, daktari anazisimamisha antibayotiki kwa wiki moja au mbili, kisha sindano inayoongozwa na siti skani inachukua kipande cha diski na mfupa. Kinapimwa bakteria, TB na tishu. Angekuwa na miguu dhaifu, au mkojo umeziba, asingengojeshwa hata siku moja: damu ingetolewa, dawa zikaanza saa hiyo, na daktari wa upasuaji akaitwa.

Maabara inaotesha stafilokoki orea, bakteria anayeongoza kwa ugonjwa huu. Moyo unapimwa kwa eko, maana bakteria huyu hupenda kujibanza kwenye vali. Anaanzishiwa sefazolini kwa mshipa.

Kwa muda gani? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2015 ulilinganisha wiki 6 na wiki 12. Katika kila kundi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 walipona. Wiki 6 zinawatosha wengi, ila usaha ambao haukutolewa, au stafilokoki sugu, huhitaji zaidi. Mimi humfuatilia mgonjwa kwa maumivu yake na CRP, si kwa kurudia MRI mapema, kwani mifupa huweza kuonekana imeharibika zaidi huku mwenyewe akipona. CRP isiposhuka na maumivu yakabaki, hapo MRI hurudiwa, na sindano pia.