Arobaini na Sita Ipi?

Picha iliingia kwenye simu yangu saa moja asubuhi, mvua za kwanza za Novemba zikiwa zimeshalowesha mashamba ya Mbozi. Mfuko wa mbolea umeegemezwa ukutani, mdomo umekunjwa kwa nje kama mkono wa shati, ubavu mmoja umezama kivulini. Chini ya picha kijana ameandika: "Shikamoo bwana shamba. Hii ni ya kupandia au siyo? Vibarua wameshafika." Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Kilichosomeka ni 46-0, basi. Jina la mbolea limeingia ndani ya mkunjo.

Nilimjibu: "Marahaba. Usifukie hata punje moja kwanza. Ukunjue mfuko, uulaze chini, upige tena." Alidhani namcheleweshea kazi. Kwa kuwa maswali ya namna hii hunijia kila msimu, nitayajibu hapa nikianza na la kwake.

Si umeona 46 na sifuri? Kilichobaki ni nini?

Kilichobaki ndicho chenye jibu. Namba za mbolea ni tatu, na hukaa kwa mpangilio usiobadilika: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Kila namba ni asilimia ya uzito, yaani kilo ngapi za kirutubisho hicho zimo katika kila kilo 100 za mbolea. Sasa chukua mfuko uliokunjwa pembeni. Mkunjo ukificha sifuri ya mwisho, 46-0 inaweza kuwa 46-0-0, ambayo ni yurea. Ukificha namba ya mwanzo, inaweza kuwa 18-46-0, ambayo ni DAP. Inaweza hata kuwa 0-46-0, yaani TSP. Mbolea tatu tofauti, na zote katika picha ile zingesomeka vilevile.

Yurea haina fosforasi hata kidogo, na TSP haina naitrojeni. Arobaini na sita ya kwanza inakuza majani, arobaini na sita ya pili inalisha mizizi michanga. Kwa hiyo mtu akikuuliza "una mbolea ya 46?" nawe ukamjibu "ninayo", mnaweza kuwa mnazungumzia mifuko miwili isiyojuana.

Nikikosea nikapandia yurea, kitatokea nini?

Tufanye hesabu ya shimo moja. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja inabeba mashimo kama 9,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanywa humo, kila shimo linapata gramu tano na nusu hivi, ambayo ni kisoda kimoja. Kisoda hicho kikiwa cha DAP, naitrojeni iliyomo ni gramu moja tu, na fosforasi inayohesabiwa kwenye lebo ni gramu mbili na nusu. Kikiwa cha yurea, naitrojeni inapanda hadi gramu mbili na nusu, fosforasi ni sifuri.

Hasara ya kukosa fosforasi utaiona baadaye, mahindi yakidumaa na majani kuingia rangi ya zambarau. Hasara ya pili ni ya haraka. Yurea ikikutana na unyevu wa udongo, kimeng'enya kilichomo kwenye udongo huivunja kuwa amonia ndani ya siku chache. Amonia hiyo, ikiwa karibu na mbegu inayochipua, inaunguza ncha za mizizi. Shamba litaota kwa mapengo. Fukua kwenye pengo: utakuta mbegu imevimba, imetoa kimzizi, na kimzizi kimegeuka kahawia. Wengi hapo hulaumu mbegu, wakamrudishia muuzaji pakiti yake kwa maneno makali, wakati mbegu haikuwa na kosa.

DAP nayo ina amonia, tusiisifu kupita kiasi. Ndiyo maana hata ukiwa na mbolea sahihi, weka kisoda, funika kwa udongo wa vidole viwili au vitatu, kisha ndipo mbegu. Kibarua anayelipwa kwa mstari atakuambia anajua. Msimamie.

Picha nzuri ya mfuko inapigwaje?

Ulaze mfuko mahali penye mwanga wa kawaida, ukunjue mdomo, unyooshe kwa kiganja. Piga picha moja ya upande wote wa mbele, jina na namba zote tatu zionekane pamoja, na vistari vinavyozitenganisha. Piga ya pili kwa karibu kwenye maandishi madogo. Tochi ya simu usiiwashe. Mfuko wa plastiki unang'aa, na mng'ao ukiangukia kwenye 3 unaigeuza kuwa 8.

Maandishi madogo hayo yana kazi. Mifuko mingi inaandika naitrojeni imekuja kwa sura zipi. Chukua CAN: nusu ya naitrojeni yake ni ya amonia, nusu ya naitreti. Ukiona 13 na 13, jumla ni 26, na hiyo lazima iwe namba ya kwanza kule mbele. Jumla isipolingana na namba kubwa, ama picha imekudanganya ama mfuko umekudanganya. Katika hali zote mbili, usinunue kwa picha hiyo.

Na zile zilizofuatiwa na alama ya kujumlisha?

Hicho ni kirutubisho cha nne na kuendelea. SA huandikwa 21-0-0+24S, maana yake asilimia 21 ya naitrojeni na 24 ya salfa. Watu hukata picha pale kwenye alama ya kujumlisha wakidhani ni tangazo.

Dukani hakuna DAP. Muuzaji anasema 17-17-17 ni ileile, nichukue?

Siyo ileile, lakini inaweza kufaa ukijua unachobadilisha. Zidisha namba kwa 50, gawanya kwa 100. Kwa mfuko wa kilo 50 ni sawa na kugawanya kila namba kwa mbili. Mfuko wa DAP unakupa kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi. Mfuko wa 17-17-17 unakupa kilo 8.5 za kila kimoja. Naitrojeni zinakaribiana, lakini fosforasi imeshuka hadi theluthi na kitu. Ili ufikie kilo 23 za DAP ungehitaji mifuko karibu mitatu, na bei yake huenda ikakukimbiza dukani. Badala yake umepata potasiamu, ambayo DAP haina. Kama udongo wako unaihitaji, sawa. Kama hujaupima, umelipia kitu usichojua kama kinahitajika.

Hapa ndipo uwiano unapowachanganya watu. Mbolea ya 17-17-17 na ya 15-15-15 zina uwiano mmoja, moja kwa moja kwa moja, lakini nguvu si sawa. Kupata kilo 8.5 zilezile kutoka kwenye 15-15-15 unahitaji kilo 57, yaani mfuko mzima na kilo saba juu. Uwiano unakuambia vyakula vimegawanywaje kwenye sahani. Haukuambii sahani imejaa kiasi gani.

Yurea ni 46, hizo 54 nyingine ni mchanga?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba tumefichuliwa. Hapana. Naitrojeni haiwezi kufungwa kwenye mfuko peke yake, kwani ikiwa peke yake ni hewa. Ndani ya yurea imeungana na kaboni, oksijeni na haidrojeni, na hizo nazo zina uzito. Yurea safi kabisa ya maabara inafika asilimia 46 na nusu hivi tu. Anayekuuzia "yurea ya 60" ndiye wa kumwogopa.

Mtaalamu mmoja kaniambia DAP ina fosforasi 46, mwingine kasema 20. Nani mwongo?

Wote wanasema kweli. Wakemia wa zamani walikuwa wakihesabu fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni, P2O5, na biashara ya mbolea imeshikilia desturi hiyo hadi leo. Fosforasi tupu ni asilimia 44 tu ya uzito huo, kwa hiyo 46 ya kwenye mfuko ni kama 20 ya fosforasi yenyewe. Potasiamu nayo huandikwa K2O, na ukitaka tupu zidisha kwa 0.83. Naitrojeni haina mzunguko huo. Kwenye ushauri uliopewa baada ya kupima udongo, angalia kama wameandika P au P2O5 kabla hujahesabu mifuko. Ukichanganya hapo, utaweka nusu ya kinachotakiwa au zaidi ya mara mbili.

Nikishasoma namba vizuri, nina uhakika wa kilichomo?

Una uhakika wa kilichoahidiwa. Namba imechapwa kwenye mfuko, na mfuko mtupu unaweza kujazwa tena. Kazi ya kuchukua sampuli na kuzipeleka maabara ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na picha yangu ya simu haiwezi kuifanya. Ninachoweza kukuambia utazame ni mshono: uzi wa kiwandani ni mmoja, umenyooka, na matundu ya sindano hayajarudiwa. Kisha pima mfuko kwenye mizani. Kilo 46 ndani ya mfuko wa 50 hazihitaji maabara.

Mbolea ya kupimiwa kwa kilo ni shida zaidi, kwa sababu unaondoka na mfuko mweusi usio na neno. Mwombe muuzaji upige picha ya mfuko anaochotea, kabla hajachota.

Kwa kutofautisha yurea na DAP peke yake kuna jaribio la jikoni. Weka maji nusu glasi, ushike glasi, mimina konzi moja ya mbolea na ukoroge. Yurea itayeyuka yote na glasi itapoa mkononi kama imetoka kwenye friji. DAP haipozi hivyo, na kwa kawaida huacha maji yenye ukungu na masalia chini. Jaribio hili halikuambii kama ni 46 au 40, usilitumie kwa hilo.

Yule kijana wa Mbozi alituma picha ya pili baada ya dakika ishirini. Mfuko umelazwa juu ya benchi, na kiganja cha mtu mwingine kimebana kona. Mbele ya 46 hapakuwa na kitu, nyuma yake palikuwa na sifuri mbili. Mfuko alikuwa amenunua pamoja na kaka yake na wameshaufungua, hivyo dukani haurudi. Nikamwambia aufunge mdomo kwa kamba, aubane hasa, kwa maana yurea hunyonya unyevu wa hewa ikawa mabonge. Kisha auweke juu ya mbao hadi mahindi yafike magotini. Wakati huo utampa kilo 23 za naitrojeni za kukuzia, akifukia kila konzi kwenye udongo wenye unyevu.

"Na vibarua niwaambieje?" akaandika.

Nikamwambia wachimbe mashimo wakati yeye anakwenda dukani. Saa nne na kitu ikaja picha ya tatu, mfuko umenyooshwa kama shati linalosubiri pasi, 18-46-0 imesimama katikati. Safari hii hakuuliza chochote.