Boksi Lililopungua Gramu 700

Fundi wa simu jijini Mwanza ameagiza vioo 20 vya simu kutoka Dubai, pamoja na kimashine kidogo cha kubandulia vioo vilivyopasuka. Mzigo unafika kwa pikipiki, kijana wa kampuni ana haraka, anasogeza kifaa chake: "Weka sahihi hapa, bosi." Fundi analiinua boksi na kuliona jepesi. Likifunguliwa, vioo ni 15, na viwili kati ya hivyo vimepasuka.

Tuufuate mfano huu hatua kwa hatua. Mpokeaji wa aina hii kwa kawaida huanza na simu ya hasira, kisha ujumbe mrefu wa malalamiko, naye hujibiwa kwamba mzigo ulipokelewa ukiwa salama na sahihi yake ipo. Jibu hilo lina mguu wa kusimamia. Mzigo uliosafiri kwa ndege kutoka nchi moja hadi nyingine unaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Falme za Kiarabu zote ni wanachama. Mkataba huo unasema mzigo ukipokelewa bila lalamiko, huchukuliwa kuwa umefika katika hali nzuri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kazi ya kuthibitisha inamwangukia fundi, na silaha yake ni taarifa ya maandishi.

Taarifa hiyo inaanzia mlangoni, kabla ya sahihi. Maneno "sijakagua" hayana uzito mkubwa, kwa kuwa hayasemi chochote kuhusu boksi lenyewe. Heri aandike alichokiona: "Boksi limebandikwa selotepu mbili tofauti, kona moja imebonyea." Kama kifaa cha kijana hakina nafasi ya maandishi, ayaandike kwenye karatasi ya makabidhiano, apige picha karatasi hiyo pamoja na boksi, ndipo atie sahihi.

Baada ya hapo ni kulisoma boksi. Selotepu ya kiwandani huko Dubai ilikuwa ya kahawia. Juu yake imepita nyingine, nyeupe na pana zaidi. Fundi akiinua ncha ya ile nyeupe taratibu, chini yake anaona karatasi ya boksi imechunika, nyuzi zimesimama, na utepe wa kahawia umekatwa katikati. Hiyo ina maana kwamba boksi lilifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Selotepu iliyoongezwa na mtumaji kwa ajili ya uimara tu hukaa juu ya karatasi laini isiyochunika.

Hapa wengi hurukia neno wizi, na ndipo wanapopoteza hoja. Forodha wana mamlaka ya kufungua mzigo na kuufunga upya, wala hakuna ajabu selotepu nyeupe ikiwa ni yao. Boksi peke yake haliwezi kusema ni nani aliyelifungua. Linahitaji kusomwa sambamba na rekodi ya safari, ile inayotokea mtu akiingiza namba ya mzigo kwenye tovuti ya kampuni.

Rekodi hiyo ina mitego yake. Mstari wa kwanza ukisoma "Shipment information received", maana yake ni kwamba lebo imetengenezwa, si kwamba kampuni imeshika mzigo. Saa zinazoonyeshwa huwa ni za mahali mzigo ulipo, na Dubai iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Isitoshe, 14:10 ya kwenye skrini ndiyo saa nane na dakika kumi mchana kwetu. Kwenye taarifa aiandike kama inavyosomeka kwenye skrini, asije akaitwa mwongo kwa tofauti ya saa sita.

Mtego mkubwa ni uzito. Hati ya mzigo ya fundi wetu inaonyesha kilo 6.0, na mizani ya dukani inasoma 3.9. Angeweza kudai kwamba kilo 2.1 zimeyeyuka, lakini zile 6.0 ni uzito wa kutozea nauli. Boksi lina sentimita 40 kwa 30 kwa 25, ambazo ni 30,000 za ujazo, na kampuni nyingi hugawanya kwa 5,000 kupata kilo za nafasi ambayo boksi limechukua ndani ya ndege. Uzito halisi anapaswa kuuomba kwa kampuni, kituo kwa kituo. Akiupata, picha inabadilika: Dubai kilo 4.6, Dar es Salaam baada ya kutoka forodha kilo 4.6, Mwanza lilipoingia ghalani kilo 3.9.

Pengo ni gramu 700. Kila kioo na kiboksi chake kina gramu 140, na vitano ni gramu 700 kamili. Kwa kuwa boksi lilitoka forodha likiwa na uzito wake wote, vioo vilipotea kati ya ghala la Dar es Salaam na ghala la Mwanza, mzigo ukiwa mikononi mwa kampuni. Hata vile viwili vilivyopasuka sasa vina maelezo. Vilikuwa kando ya pengo lililoachwa na vile vitano, vikabaki vinagongana na kimashine. Kama kusingekuwa na pengo, na kuta za nje zingekuwa safi kabisa, kampuni ingesema mtumaji alifungasha vibaya, na mkataba unaiachia msafirishaji utetezi huo. Ndiyo maana plastiki yenye mapovu, vipande vya sponji na boksi lenyewe havitupwi mpaka mkaguzi afike.

Taarifa yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Baada ya namba ya mzigo na tarehe, kiini chake kinaweza kusomeka hivi:

"Nimepokea boksi moja saa 14:10. Lilikuwa na selotepu nyeupe juu ya kahawia iliyokatwa (picha 3 na 4). Uzito kwenye mizani ni kilo 3.9 (picha 5). Ankara inaonyesha vioo 20. Nimekuta 15, viwili vimepasuka (picha 8 hadi 11). Kwa rekodi zenu, uzito ulikuwa kilo 4.6 Dar es Salaam na kilo 3.9 Mwanza. Naomba mkague; boksi na vifungashio vyote vipo."

Hakuna neno wizi humo, wala halihitajiki. Lalamiko la uharibifu linapaswa kutumwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, na nakala iende kwa mtumaji, kwani kampuni nyingi husikiliza madai ya aliyelipa nauli. Mzigo ambao haukufika kabisa una njia nyingine: zikipita siku 7 baada ya siku uliotarajiwa, mpokeaji anaweza kuanza kudai haki zake.

Pamoja na ushahidi wote huo, malipo yana dari. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024 ukomo ni vizio 26 kwa kilo, vizio hivyo vikiwa ni hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kimoja huzidi kidogo dola ya Marekani. Kwa boksi la kilo 4.6 ni vizio 119.6, yaani dola 150 na ushei. Vioo saba kwa dola 45 kila kimoja ni dola 315. Angelipwa zaidi ya dari kama mtumaji angetangaza thamani maalumu kwa msafirishaji na kulipa ada yake. Thamani iliyoandikwa kwa ajili ya forodha haichukui nafasi ya tangazo hilo. Na kama fundi alimwomba muuzaji aandike dola 8 kwa kioo ili kukwepa ushuru, jambo ambalo madukani halifichwi sana, ankara hiyo hiyo ndiyo kampuni itakayoiweka mezani: vioo saba, dola 56.