Mtungi na Gunia Katika Fremu Moja

Duka la nishati ya kupikia katika mitaa kama Manzese, Tandale au Buguruni jijini Dar es Salaam mara nyingi ni fremu ya futi kumi kwa kumi. Ukuta wake wa nyuma ni wa chumba cha mpangaji, na baraza yake ni njia ya watu. Humo huuzwa bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo. Mkaa huingia kwa gunia na kutoka kwa kopo. Gesi huingia kwa mtungi na kutoka kwa mtungi uleule. Kuni zimebaki zaidi kwa mama lishe na wakaanga chipsi, na kwa kuwa hula nafasi kubwa kuliko faida yake, wenye fremu wengi huziacha.

Tofauti hiyo ya kopo na mtungi ndiyo inayoamua mtaji unaohitajika. Chukua hesabu ya mfano. Gunia la mkaa limenunuliwa kwa shilingi 80,000 na linatoa makopo 55 ya rangi ya lita nne, kila kopo likiuzwa 2,000. Kwa karatasi hiyo ni 110,000. Lakini chini ya gunia hubaki chenga na vumbi, na makopo matano hivi hayatauzika kwa bei ya kawaida. Tuseme yamepotea yote: muuzaji amepata 100,000, na faida kabla ya kodi ya fremu ni 20,000. Gunia likiisha kwa siku mbili, shilingi 80,000 zimezaa 10,000 kwa siku.

Sasa gesi. Duka lina mitungi 20 ya kilo sita. Tuseme kila chuma kimegharimu 25,000, gesi iliyomo hununuliwa kwa wakala kwa 22,000, na muuzaji huongeza 1,500. Akiuza mitano kwa siku anapata 7,500, na mtaji uliolala pale ni 940,000. Kati ya hizo, 500,000 ni chuma kitupu ambacho hakizai chochote. Kazi yake ni kungoja mteja alete chake wabadilishane. Kwa kila shilingi iliyowekwa, mkaa unalipa kuliko gesi kwa mbali, na hapo ndipo sababu moja kubwa ya mkaa kutotoka mitaani, pamoja na kampeni zote za nishati safi.

Hata hivyo hesabu ya mkaa haitulii. Mvua zikikata barabara za vijijini bei hupanda ndani ya wiki moja, na wateja wa kopo hawakubali kopo la 2,000 liwe 2,500 ghafla, hivyo muuzaji hubeba pengo. Gunia nalo halina kipimo cha kuaminika: lenye kilemba kirefu cha majani na nyavu linaweza kuwa na mkaa mchache kuliko lililoshonwa chini. Muuzaji mzoefu hulinyanyua kona, hulitikisa asikie kama linalia kwa mlio mkavu wa vipande vigumu, na hutazama kinachomwagika chini. Likimwaga unga mwingi, faida yake imeshaanza kuondoka kabla ya kopo la kwanza.

Upande wa gesi, tatizo linalochosha ni chapa. Mteja anakuja na mtungi wa Oryx, dukani imebaki Taifa Gas na Lake Gas. Akimbadilishia chapa tofauti, muuzaji amejibebesha chuma ambacho wakala wake huenda asikipokee, na mwisho wa mwezi kona ya duka imejaa mitungi mitupu isiyo na pa kwenda. Ni busara kubaki na chapa mbili zinazotembea katika mtaa husika, kisha kuwa na mapatano na muuzaji wa jirani ya kubadilishana mitupu kila wiki.

Nafasi na usalama haviwezi kutenganishwa, kwa sababu hatari ya gesi inatokana na mahali inapokwenda ikivuja. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, uliobanwa hadi ukawa kimiminika. Ikitoka, lita moja ya kimiminika hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za hewa ya gesi, na hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haipandi juu ikatokea dirishani. Hutambaa sakafuni kama maji, ikaingia chini ya mlango, ikajaa shimoni au kwenye mtaro, na inaweza kukutana na jiko la jirani mbali na pale ilipovuja. Huanza kushika moto ikifikia takribani asilimia mbili ya hewa. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu, kiasi hicho ni karibu kilo moja tu ya gesi iliyosambaa sawasawa. Kwa kuwa hujikusanya chini, hata pungufu ya kilo hiyo inatosha kuwaka. Mtungi mdogo wa kilo sita unatosha kuijaza fremu mara kadhaa.

Kwa hiyo dirisha la juu halisaidii sana. Kinachosaidia ni matundu ya hewa usawa wa sakafu au, bora zaidi, kibanda cha wavu wa chuma nje ya duka, chenye kivuli, kisichopakana na mtaro wala shimo, kikiwa na kufuli. Mitungi yote isimame wima. Ukilala, kimiminika hufika kwenye valvu, na kama kuna uvujaji kinachotoka si gesi bali kimiminika chenyewe, yaani hatari mara mia mbili na zaidi kwa kila tone. Mitupu ihesabiwe kuwa na gesi, maana karibu kila mara imebaki kidogo na valvu yake mara nyingi imerudi kutoka jikoni bila kufungwa vizuri. Wauzaji wengi huilinda mizima na kuitupa mitupu nyuma ya duka karibu na jiko la chakula cha mchana. Hapo wanakosea pakubwa.

Mkaa una hatari ndogo lakini ya kushtukiza. Uliotoka tanurini bila kupoa vizuri unaweza kuficha kaa katikati ya gunia, ukakaa kimya safari nzima, kisha ukaamka usiku baada ya kufunguliwa na kupata hewa. Gunia jipya lilale nje kwenye uwazi usiku wa kwanza, na kabla ya kuingizwa lishikwe kwa kiganja pande zote: sehemu yenye joto au harufu ya moshi ni dalili ya kutosha kulimwaga chini. Ndiyo sababu gunia na mtungi havipaswi kulala chumba kimoja. Fremu ikiwa moja, mkaa ukae ndani na gesi ikae nje wavuni, pande mbili tofauti za mlango.

Wenye baraza finyu watasema hawana pa kuweka wavu wa mitungi 20. Ni kweli, na jibu lake limo katika hesabu ya awali. Anayeuza mitungi mitano kwa siku, na wakala akamletea mzigo kila baada ya siku mbili, hahitaji 20. Mitungi 12 inatosha, pamoja na akiba ya siku ya foleni. Mtaji hushuka kutoka 940,000 hadi 564,000, gesi dukani hushuka kutoka kilo 120 hadi kilo 72 hata mitungi yote ikiwa imejaa, na faida ya siku inabaki ileile. Kuweka mitungi mingi mbele ya duka kunavutia macho, lakini fedha yake na hatari yake vyote vimelala.

Mzigo unapofika, ukaguzi hauchukui muda. Lakiri iwe haijakatwa wala kubandikwa upya. Mtungi uwekwe kwenye mizani: shingoni umepigwa chapa ya uzito wa chuma kitupu, kwa mfano kilo 7.6, hivyo wenye kilo sita za gesi lazima usome 13.6. Ukisoma 12.9 umepunjwa, na ukisoma 14.5 usiupokee kabisa. Mtungi hujazwa kwa kubakiza nafasi juu ili kimiminika kitanuke kwa joto. Uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi hiyo, na ukikaa juani shinikizo lake hupanda haraka. Mwisho, povu la sabuni lipakwe kwenye valvu. Likitoa mapovu, mtungi urudi palepale kwenye gari. Mteja naye apimiwe mbele ya macho yake, kwa kuwa muuzaji asiye na mizani hana la kujibu mteja akidai gesi imeisha kwa wiki mbili.

Uvujaji ukigunduliwa usiku ndani ya duka, swichi isiguswe, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche moja hutosha. Milango ifunguliwe, valvu ifungwe, mtungi ubebwe hadi uwanja wazi na majirani waambiwe wazime majiko. Moto ukiwa tayari unawaka mdomoni mwa mtungi na valvu haifungiki, kuuzima ule mwali ni kosa: gesi itaendelea kutoka bila kuonekana na kulipuka baadaye. Watu waondolewe, mitungi ya jirani imwagiwe maji kwa mbali kama inawezekana, na Zimamoto wapigiwe 114.

Kinachobaki ni kishawishi kinachozaliwa na tofauti ya kopo na mtungi. Mteja aliyezoea mkaa wa 2,000 anataka pia gesi ya 2,000, na wapo wanaompa kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani. Faida yake ni kubwa kuliko ile 1,500, na ndiyo maana haiishi. Lakini hakuna mizani ya uhakika, gesi humwagika hewani kila mpira unapofunguliwa, na valvu haikaguliwi na mtu. Usiku wa Februari 1, 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia kisicho na kibali katikati ya makazi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kile kilikuwa kituo kikubwa, si ua wa nyumba, ila sababu ni ileile: kujaza gesi mahali palipojaa watu bila nafasi ya kutosha kati ya gesi na moto.

Njia salama ya kuuza gesi kwa vipande ni mita inayofungwa kwenye mtungi nyumbani, mteja akalipa kwa simu kadiri anavyotumia. Mita hiyo humweka muuzaji wa fremu kando, kwa kuwa kampuni ndiyo inayoleta mtungi na kukusanya fedha. Anayebaki na wateja wa mita mtaani kwake hupata kamisheni ya kupeleka mtungi pale kampuni inapotumia wakala, ama hubaki na mkaa wa kopo.