Matriksi ndani ya mwali wa gesi

Propani ni mojawapo ya gesi zinazojazwa kwenye mitungi ya kupikia. Ikiungua vizuri hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Je, molekuli ngapi za kila kitu? Wanafunzi wengi hukisia, wakipandisha na kushusha namba mpaka zikubaliane. Kupunguza safu za matriksi kunalimaliza swali bila kubahatisha.

Tuite idadi za propani (C3H8), oksijeni (O2), kaboni dayoksaidi (CO2) na maji (H2O) kuwa x, y, z na w. Atomi haipotei, kwa hiyo kila elementi inatupa safu moja: kaboni, haidrojeni, kisha oksijeni. Vinavyotoka tunaviandika kwa alama hasi.

```
3  0  -1   0
8  0   0  -2
0  2  -2  -1
```

Nafasi sifuri ya matriksi hii ni mkusanyiko wa namba nne-nne zote zinazofanya kila safu ijumlike kuwa sifuri. Ndimo jibu letu lilimo.

Tunaanza na ile 8 iliyo chini ya 3. Zidisha safu ya pili kwa 3, kisha toa mara 8 ya safu ya kwanza. Inabaki 0, 0, 8, -6, ambayo ukiigawa kwa 2 ni 0, 0, 4, -3. Hapa wengi hukwama: safu ya pili sasa ina sifuri pale tunapohitaji namba ya kuegemea. Hakuna kilichoharibika. Badilisha nafasi za safu mbili za chini:

```
3  0  -1   0
0  2  -2  -1
0  0   4  -3
```

Namba za kuegemea ni 3, 2 na 4. Ziko tatu, hivyo cheo cha matriksi ni 3. Tuna vitu vinne visivyojulikana. Ukitoa cheo, kinabaki kimoja kilicho huru, yaani w.

Tunapanda kutoka chini. Safu ya tatu inasema 4z = 3w, kwa hiyo tuchague w = 4 ili kukwepa sehemu, na z inakuwa 3. Safu ya pili inatoa 2y = 2z + w = 10, basi y ni 5. Ya kwanza inatoa x = 1.

```
C3H8 + 5 O2 -> 3 CO2 + 4 H2O
```

Majibu mengine yote ni vigawe vya (1, 5, 3, 4).

Usiache kurudisha jibu kwenye matriksi ya mwanzo. Ukisahau alama hasi ya oksijeni iliyo kwenye maji, y itakuwa 1, na hesabu itaonekana safi kabisa. Lakini safu halisi ya oksijeni itakupa 2 - 6 - 4, yaani -8 badala ya sifuri.

Njia hii ina mpaka wake. Hewa ikipungua, moto hutoa pia kaboni monoksaidi, ile gesi yenye sumu. Matriksi inapata safuwima ya tano huku cheo kikibaki 3, na vitu huru vinakuwa viwili. Hapo atomi pekee haziwezi kutuambia kiasi gani cha sumu kimetoka, lazima kipimwe.