Meza ya mninga ikae kwenye picha kama ilivyo

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wamezoea mteja anayefika na simu mkononi, anaonesha picha ya meza aliyoiona mtandaoni na kusema, "Nataka kama hii." Fundi huangalia, hukisia vipimo, hukisia mbao, kisha huomba kianzio. Ndiyo maana karakana yenye katalogi ya kazi zake yenyewe huwa na nafuu: mteja anachagua kitu ambacho fundi amekwisha kukitengeneza na anajua kinakula mbao kiasi gani. Lakini nafuu hiyo hupotea siku ya kupeleka mzigo, mteja akisema meza aliyoiona ilikuwa ndefu zaidi, au rangi haikuwa hii.

Malalamiko mengi ya katalogi ni ya mambo hayo mawili, ukubwa na rangi. Na yote mawili huharibika wakati wa kupiga picha, kabla mtu hajagusa programu yoyote ya kurekebisha.

Tuchukue meza ya chakula ya mninga ya watu sita, urefu sentimita 150, upana 90, kimo 75. Mpigapicha akiwa ndani ya karakana iliyobanana, jambo la kwanza atakalofanya ni kubonyeza 0.5x kwenye simu ili meza yote iingie. Inaingia kweli, ila kona iliyo karibu naye inavimba na ile ya mbali inasinyaa. Meza ya sentimita 150 inaonekana kama ya mkutano wa bodi. Dawa yake ni kuitoa meza nje, kurudi nyuma hatua kadhaa na kutumia 2x. Ukisimama mbali, upande wa mbele na wa nyuma wa meza hukaribiana kwa ukubwa, jinsi jicho la mtu aliye sebuleni linavyoiona.

Kimo cha simu nacho kina maneno yake. Ukipiga umesimama wima huku umeinamisha simu, miguu ya meza itaonekana kama inabanana kuelekea chini. Piga magoti, shika simu ikiwa wima kabisa, lenzi ikiwa juu kidogo ya usawa wa meza, ili uso wake uonekane na miguu ibaki imenyooka. Kwa kabati la nguo, kimo kizuri ni katikati ya kabati lenyewe. Milango ikionekana kupanuka juu au chini, simu imelala.

Hata hivyo lenzi nzuri haitasaidia kama viti vimepangwa kwa hila. Mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza ili ale bila kumpiga mwenzake kiwiko. Kwenye meza yetu, miguu ikiwa na unene wa sentimita 8 na imewekwa kwenye kona, kati ya mguu na mguu inabaki sentimita 134. Viti viwili vyenye upana wa sentimita 45 vinaingia upande huo na nafasi inabaki, kisha kiti kimoja kila kichwa. Sasa punguza meza iwe ya sentimita 120. Nafasi ya kati ya miguu inakuwa 104, na viti vile vile viwili vinaacha sentimita 14 tu. Ukivisukuma vyote chini ya meza na kupiga picha, hakuna atakayejua. Ni watu sita, inaonekana. Vivute nje kama watu wanataka kukaa, ukweli unajitokeza. Kwa hiyo katalogi ya haki iwe na picha moja ya viti vikiwa vimevutwa. Ikiwa picha hiyo haipendezi, meza hiyo ni ya watu wanne, na iandikwe hivyo.

Juu ya meza weka vitu ambavyo mteja anavijua kwa mkono: chupa ya chai, sahani za kulia wali, hotipoti. Sahani ya kawaida ina kipenyo cha karibu sentimita 26, na macho ya mnunuzi hupimia hapo bila yeye kujua. Visahani vidogo vya vitafunwa huikuza meza kwa udanganyifu. Kitambaa cha kufuma kiache kabatini, maana kinafunika kile kile unachouza. Maua ya plastiki sina ugomvi nayo, mradi yasiwe msitu.

Kitanda kina mtego wake mmoja: godoro. Ubao wa kichwani uliochongwa vizuri ukipigwa picha na godoro jembamba unaonekana mrefu. Mteja akiweka la inchi 10 na mito miwili, nusu ya nakshi inazama. Piga na godoro la unene ambao wateja wako wananunua.

Tuje kwenye rangi. Mninga huanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia inayokaribia wekundu, hata kwenye gogo moja, na ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo ni tofauti kabisa. Karakana nyingi zimefunikwa kwa turubai la bluu. Mwanga ukipita humo, mninga unakuwa wa kijivu na wenye ubaridi. Washa taa ya njano ili kufidia, upande mmoja unakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu, na hakuna programu itakayoipatanisha meza hiyo. Toka nje asubuhi, weka meza kwenye kivuli kisicho na turubai wala ukuta wa rangi kali karibu, taa zote zikiwa zimezimwa. Mwanga utoke ubavuni, kwani ukitoka nyuma ya kamera mistari ya mbao hufifia, na ukitoka mbele vanishi hung'aa hadi uso wa meza unakuwa mweupe.

Nyuma ya meza usiweke shuka jeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na mninga unatoka kama mpingo. Bonyeza kwa muda juu ya mbao yenyewe kwenye skrini mpaka mwanga ufungwe (kwenye iPhone hutokea maneno AE/AF LOCK), ndipo upige.

Wakati wa kuchagua, peleka simu kwenye meza yenyewe, mchana, skrini ikiwa na mwanga wa kati na ile hali ya njano ya usiku imezimwa. Kisha mwoneshe mtu ambaye hajaiona meza, umwombe akisie urefu wake kwa mikono. Akitanua mikono kupita meza, picha hiyo iache, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Picha nne zinatosha: meza nzima kwa pembe, viti vimevutwa, uso wake kwa karibu pamoja na weupe wa pembeni kama upo, na maungio ya mguu yakionekana kwa chini.

Faili za kwenda kwa mchapaji zitume kama waraka, si kama picha ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huzibana. Na usikubali kuchapiwa nakala zote kabla ya kuona karatasi moja ya majaribio, kwa kuwa wino mara nyingi hutia giza. Nenda nayo dirishani pamoja na kipande cha mninga kilichopakwa vanishi ile ile, uvitazame kwa pamoja. Visipofanana, mrudishie mchapaji karatasi yake na kipande cha mbao, arekebishe akikiangalia.