Kasa wa milimita 12: kuchora kibonzo cha vitafunio kisichoharibika kwenye pakiti ndogo

Simama mbele ya duka lolote la mtaani, iwe Majengo, Kisauni au Likoni, uangalie pakiti zinazoning'inia pale mlangoni. Krispi za muhogo, mabuyu, achari, ubuyu wa unga. Nyingi sasa zina kibonzo: mtoto anayecheka, tumbili, samaki mwenye kofia. Sogea karibu utazame nyuso zao. Utakuta jicho limeziba likawa doa jeusi, meno yamegeuka uzio, na rangi ya shavu imehamia sikioni. Mwenye biashara alilipia mchoro mzuri, na kwenye karatasi kubwa ulikuwa mzuri kweli. Uliharibikia kwenye safari ya kutoka karatasi kubwa hadi pakiti ya shilingi tano.

Kazi yangu ni kuchora vibonzo vya namna hii, na nitaeleza safari hiyo kwa mfano wa kazi moja. Mama mmoja anayetengeneza krispi za muhogo na mabuyu alitaka kasa awe sura ya bidhaa zake. Kasa ni chaguo zuri kwetu sisi watu wa pwani, mtoto anamjua hata kama hajawahi kumwona akipanda ufuoni kutaga. Kwenye pakiti ya krispi kasa alikuwa na nafasi ya kutosha. Tatizo lilikuwa pakiti ya mabuyu. Upana wake ni kama sentimita 5, na humo lazima liingie jina, uzani, tarehe, viungo na alama ya ubora ya KEBS. Kasa alibakiwa na milimita 12 za urefu. Ukitaka kujua hiyo ni ndogo kiasi gani, tazama ukucha wa kidole chako cha shahada.

Mimi huanza na ile nafasi ndogo kabisa, halafu narudi nyuma kwa hesabu. Tuseme nachora kasa wa milimita 240 kwenye karatasi ya A4. Akifika kwenye pakiti amepunguzwa mara 20. Mstari niliouchora kwa kalamu ya milimita 1 utakuwa sehemu 5 za mia za milimita, na hapo hakuna pleti itakayoushika. Kwa hiyo, nikitaka mdomo uonekane kwa mstari wa milimita 0.4, sina budi kuuchora kwa unene wa milimita 8. Huo ni unene wa kidole cha mtoto. Mchoro wa namna hiyo ukiutazama kwenye meza unaonekana mzito na wa kitoto, na wateja wengi hapo hukunja uso. Mimi huwapa palepale nakala ya milimita 12 waishike mkononi.

Mstari mnene una sababu, na sababu yenyewe iko kwenye mtambo. Pakiti nyingi za plastiki huchapwa kwa njia iitwayo flekso. Pleti yake ni laini, mfano wa mpira, na picha imeinuka juu yake kama muhuri. Pleti inapobanwa kwenye plastiki, wino husukumwa kidogo nje ya mpaka wake. Ndiyo maana mstari hunenepa na tundu huziba. Nafasi nyeupe kati ya mistari miwili huwa inahitaji kuwa pana kuliko mistari yenyewe, na hili wachoraji wengi hulisahau. Mimi siachi nafasi nyeupe iliyo chini ya nusu milimita, yaani milimita 10 kwenye karatasi yangu ya A4.

Jambo la pili la mtambo ni kwamba kila rangi ina pleti yake, na plastiki hupita chini ya pleti hizo moja baada ya nyingine, huku ikivutika kidogo njiani. Rangi kuhama milimita 0.3 si ajabu. Kwa kasa mkubwa hutaiona. Kwa kasa wa milimita 12, kijani kikihama kiasi hicho, upande mmoja kinatoka nje ya mwili na upande wa pili kinaacha ukingo mtupu, kama mtu aliyevaa kanzu upande. Dawa yake ni kuufanya mstari wa nje uwe na unene wa milimita 0.6, kisha kijani kiingie chini yake hadi katikati. Hapo kijani kina milimita 0.3 za kuhama kila upande bila mtu kujua. Mstari mweusi unakuwa kama ukuta wa ua: yanayotikisika ndani hayaonekani barabarani.

Baada ya hesabu hizo ndipo tukaanza kumpunguza kasa. Gamba la kasa wetu wa kawaida na lile la ng'amba lina vipande vikubwa 13 mgongoni, 5 vya katikati na 4 kila upande. Mchoro wa kwanza ulikuwa navyo vyote, maana mteja alipenda uhalisia. Lakini gamba lenyewe lilikuwa na upana wa kama milimita 6 tu. Gawa vipande 13 humo pamoja na mistari inayovitenga, utapata tope. Tukabakisha vipande 3 vikubwa. Hakuna mtoto anayehesabu magamba.

Mdomo nao ulikuwa na kisa chake. Ng'amba ana mdomo uliopinda kama wa ndege, na ukiupunguza sana unapata kasuku aliyevaa gamba. Tuliuondoa, tukaweka mstari mmoja uliopinda kwa tabasamu. Meno hayakuwa na nafasi kabisa, na hata kwa vibonzo vingine mimi huyakwepa: meno madogo meupe huziba moja moja, na kicheko kinabaki na mapengo ya kutisha. Nyusi pia ni za kuangaliwa. Zikiinama kuelekea puani hata kidogo tu, yule mpole amekuwa mkali, na kwenye pleti kosa la kiasi hicho hutokea kwa urahisi. Kasa wetu hana nyusi.

Sasa upole utatoka wapi, ikiwa tumeondoa karibu kila kitu? Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, alieleza umbo linalomfanya mtu mzima amwonee huruma mtoto mchanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyo chini ya nusu ya uso, na viungo vifupi. Wachoraji wa vibonzo wanaitumia kanuni hiyo hata wasipomjua mwenyewe. Kwa kazi ndogo ina faida nyingine, kwa sababu kichwa kikubwa ndicho kinachotoa nafasi kwa uso. Nilimpa kasa kichwa cha milimita 6, nusu ya kimo chake. Kila jicho likapata milimita 1.2 na likawa duara jeusi tupu. Ile nukta nyeupe ya mng'ao ndani ya jicho ningeipenda, kwani huleta uhai, lakini ingeniachia ukingo mweusi mwembamba sana. Kwenye pakiti ya krispi, ambako kasa ni mkubwa, nukta ipo. Kwenye mabuyu haipo.

Anayedhani nukta mbili hazitoshi kuwa macho amtazame Miffy, sungura wa Mholanzi Dick Bruna aliyeanza mwaka 1955. Uso wake ni nukta mbili na msalaba mdogo wa mdomo, na watoto wa nchi nyingi wanamjua. Na kwenye vitafunio vyenyewe, yule bwana wa Pringles tunayemwona kwenye supamaketi alipunguzwa mwaka 2021: nywele zikaondolewa, akabaki na kichwa, macho, nyusi, masharubu na tai ya kipepeo.

Kabla ya kutia rangi nilimjaza kasa mweusi mtupu, mwili mzima, kama kivuli ukutani, nikawaonyesha watoto wachache nikiwauliza, huyu ni nani? Jibu likaja haraka: kobe. Walikuwa na haki, kwa sababu miguu niliyofupisha kwa ajili ya upole ilikuwa imepoteza umbo la mapezi. Kwa kasa, mapezi ya mbele ndiyo jina lake. Nikayarefusha na kuyapinda nyuma mithili ya makasia, miguu ya nyuma ikabaki mifupi, na kivuli cha pili hakikuitwa kobe. Jaribio hili halina gharama, nami silikosi, maana umbo lisilotambulika likiwa jeusi halitaokolewa na rangi.

Rangi zilikuwa na mtego mmoja ambao wenye biashara ndogo huangukia mara kwa mara. Pakiti ya mabuyu ni plastiki angavu, ili mtoto aone mabuyu mekundu ndani. Wino wa kuchapia huruhusu mwanga kupita. Ukiweka kijani juu ya wekundu wa mabuyu bila kitu kati yake, unapata rangi ya matope, na uso ulioachwa mweupe kwenye kompyuta unakuwa mwekundu, kama kasa mwenye surua. Lazima chini yake kuwe na wino mweupe, na huo mweupe ni pleti yake, inayolipiwa kama nyingine. Mama alikuwa amepanga weupe usihesabiwe. Ili gharama isipande tuliacha waridi ya mashavu na kijani hafifu cha tumbo, tukabaki na pleti nne: nyeupe, kijani, nyeusi, na nyekundu ya jina. Kijani hafifu kingeweza kupatikana kwa vitone vya kijani kilekile, lakini katika udogo ule vitone huonekana kimoja kimoja na ukingo unakuwa na meno kama msumeno.

Wapo pia wateja wasiotaka picha ya kiumbe chenye roho kwenye bidhaa yao, na hilo ni lao. Huwachorea mashua yenye tanga lililojaa upepo, au buyu lenyewe lisilo na uso, na hesabu za mstari na nafasi hazibadiliki.

Kabla ya kukata pleti, chapa kibonzo kwa printa ya kawaida kwa asilimia 100, usikubali printa ikupunguzie ukubwa ili kujaza karatasi. Kisha kitoe kopi kwenye mashine ya fotokopi, na kopi hiyo uitoe kopi tena. Fotokopi hunenepesha na kuziba, si sawa na flekso lakini inakaribia. Kata, bandika kwenye pakiti iliyojazwa bidhaa, maana pakiti ikitutumka uso hupinda, na ukiwa karibu na sehemu inayobanwa kwa moto utakunjamana. Itundike dukani, rudi nyuma hatua tatu. Kama macho na tabasamu bado vinaonekana, peleka kiwandani, na uombe kuona sampuli kwenye plastiki ileile kabla ya mzigo wote kuchapwa.

Kuna udogo ambao kasa mzima hauvumilii. Chini ya milimita 8, kwa mfano kwenye kibandiko cha bei, mapezi huungana na gamba hata ufanyeje. Hapo tunatumia kichwa peke yake, kimechorwa upya na mistari minene zaidi, na mwenye kazi huhifadhi mafaili matatu yenye majina ya wazi: mkubwa, mdogo, na kichwa. La sivyo mpiga chapa atachukua lile la kwanza atakaloliona na kulipunguza mwenyewe.